Kufufua Britannia: seva ya Ultima Online kwa kikundi cha marafiki

Mwaka 2000 dunia ya Ultima Online iligawanywa ikawa mbili. Mchezo huo ulitengenezwa na Origin Systems ya Texas, nchini Marekani, ukatolewa na Electronic Arts Septemba 1997. Uliwaweka maelfu ya watu pamoja katika nchi ya kubuni iitwayo Britannia. Humo mtu alichimba madini, akashona nguo, akajenga nyumba na kufanya biashara. Na humo humo mtu mwingine angeweza kukuvizia njiani, akakuua na kuchukua kila ulichobeba. Kisha likaja toleo la Renaissance, likaleta nchi pacha iitwayo Trammel, ambako huwezi kumshambulia mwenzako bila ridhaa yake. Nchi ya zamani ikaitwa Felucca, na watu wengi wakaihama. Mwaka 2003 toleo la Age of Shadows likabadilisha vita vyenyewe: thamani ya silaha na mavazi uliyovaa ikapata uzito ambao zamani ulikuwa wa ustadi wa mchezaji.

Mchezo rasmi upo hadi leo, chini ya kampuni ya Broadsword. Kilichotoweka ni ule wa mwaka 1999, na hakuna duka linalouuza. Sheria za mchezo wa mtandaoni haziko kwenye diski uliyonunua. Ziko kwenye seva, yaani kompyuta ya mwenye mchezo, na siku akizibadilisha, zile za zamani zimekwisha kwa wote. Ndiyo maana mashabiki waliamua kuandika seva yao wenyewe.

Programu wanayotumia huitwa emuleta ya seva. Haikuibwa kutoka kampuni. Iliandikwa upya na watu waliochunguza ujumbe unaopita kati ya kompyuta ya mchezaji na seva rasmi, wakajifunza kila ujumbe unadai nini na unajibiwaje. Kwa Ultima Online, iliyozaa nyingi ni RunUO, iliyoandikwa kwa lugha ya C# na kutolewa kwa leseni huria ya GPL. RunUO yenyewe imelala, lakini ina watoto wawili walio hai: ServUO na ModernUO. Hapa nitafuata ServUO, kwa kuwa inakuja na karibu kila kitu ndani yake na mgeni anaweza kuona dunia ikisimama siku ile ile.

Kabla ya kugusa kompyuta, jambo la sheria lisemwe wazi. Kodi ya emuleta ni huria, lakini picha, ramani, muziki na jina la mchezo ni mali ya wenyewe, na masharti ya kutumia mchezo hayakupi ruhusa ya kuuelekeza kwenye seva ya mtu mwingine. Mahakama za Marekani zimewahi kuamua kesi za namna hii zikihusu michezo ya Blizzard: mwaka 2005 mahakama ya rufaa iliwaona waandishi wa seva mbadala ya bnetd wamekiuka masharti na sheria, na mwaka 2010 mwendeshaji wa seva ya Scapegaming, aliyekuwa akipokea fedha za wachezaji, aliamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 88. Kwa hiyo mimi hushikilia mambo mawili. Usisambaze faili za mchezo. Kila mchezaji apakue mwenyewe kutoka tovuti rasmi, ambako zinatolewa bure. Na usipokee hata shilingi. Hayo hayageuzi jambo hili kuwa halali kwa maandishi, ila yanalibakiza kuwa burudani ya kikundi kidogo badala ya biashara juu ya jasho la wengine.

Sasa tuseme mko marafiki wanane: sita Dar es Salaam, mmoja Mombasa, mmoja Maskati. Mmoja wenu ana kompyuta yenye memori ya GB 4 au zaidi. Kwa watu wanane inatosha, maana mchezo huu ulibuniwa enzi za modemu za simu na hauna uchu wa bando.

Mwenye seva atapakua ServUO na pia faili za mchezo. Watu wengi hushangaa kwa nini seva inahitaji faili za mchezaji. Sababu ni kwamba emuleta haina ramani. Haijui mlima uko wapi, mto unapita wapi, wala ukuta wa benki ya Britain una urefu gani. Yote hayo yamo katika faili zilizo kwenye kompyuta ya mchezaji, na seva husoma hizo hizo ili ijue nani anaweza kukanyaga wapi. Unaionyesha folda kwa mstari mmoja katika faili ya `Config/DataPath.cfg`:

```
CustomPath=C:\UO
```

Ukiiwasha mara ya kwanza, itasoma skripti zake, kisha itakuuliza kama unataka kufungua akaunti ya mmiliki, kwa kuwa hakuna akaunti hata moja. Unakubali na kuandika jina na neno la siri. Kwa upande wa mchezaji, wengi siku hizi hutumia ClassicUO, programu huria inayosoma faili rasmi na kuchukua nafasi ya ile ya kampuni. Katika faili yake ya `settings.json` unaandika anwani ya seva na poti, ambayo kwa kawaida ni 2593:

```
"ip": "192.168.1.20",
"port": 2593,
"ultimaonlinedirectory": "C:\\UO"
```

Unaingia, na unakuta nchi tupu. Nyumba zipo, miti ipo, bahari ipo, lakini milango haipo. Hakuna muuza mkate, hakuna kulungu, hakuna mlinzi, hakuna jini pangoni. Ramani ilitoka kwenye faili za mchezo. Vilivyo hai na vinavyoguswa ni kazi ya seva, na seva bado haijaambiwa iviweke. Mmiliki anaandika `[CreateWorld` kwenye mstari wa mazungumzo, anachagua hatua zote kwenye dirisha linalotokea, na programu inaanza kupachika milango, vibao vya maduka, mapambo, milango ya mwezi ya kusafiria na vituo vya kuzalisha viumbe. Inachukua muda. Ikiisha, mji una watu.

Kuna kikomo kimoja ambacho wageni wa kazi hii hukigundua wakiwa wamechelewa. ServUO ilijengwa kwa kufuata sheria za matoleo mapya. Ukifungua `Config/Expansion.cfg` na kuandika `CurrentExpansion=UOR`, unairudisha kwenye enzi ya Renaissance, na mengi yatabadilika kweli: madirisha ya sifa za silaha yatatoweka, hesabu za vita zitarudi za zamani. Lakini si yote. Hapa na pale utakuta kiumbe au kifaa cha miaka ya baadaye, kwa sababu aliyekiandika hakukifunga kwa enzi. Anayetaka mwaka 1999 bila doa atalazimika kupita kwenye skripti moja baada ya nyingine, na hiyo ni kazi ya miezi. Kwa marafiki wanane, nashauri mkubaliane mapema mambo gani matatu au manne ya enzi ile mnayataka, mtengeneze hayo, mengine myaache.

Mpaka hapa umecheza peke yako. Shida huanza pale wa Mombasa anapojaribu kuingia. Anakupigia simu kwamba jina na neno la siri vimekubaliwa, ameona hata jina la seva kwenye orodha, lakini akilibonyeza, skrini inakwama mpaka muunganisho unakatika. Hilo ndilo tatizo linalojirudia kuliko yote, na maelezo yake yenyewe yanaonyesha kosa liko wapi.

Kuingia kwenye mchezo kuna hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kama mapokezi ya hoteli: unajitambulisha, unapewa orodha ya seva, na ukichagua, unapewa anwani ya kwenda. Hatua ya pili ni kwenda kwenye anwani hiyo kuomba dunia yenyewe. Kwenu zote mbili ziko kwenye kompyuta moja na poti moja, lakini programu ya mchezaji haijui hilo. Inakwenda pale ilipoelekezwa. Kama rafiki yako ameona orodha, basi mtandao wake ni mzima, poti iko wazi na akaunti inafanya kazi. Kilichobaki kuwa kibaya ni anwani aliyopewa. Seva imemtuma 192.168.1.20, ambayo ni anwani ya ndani ya nyumba yako, na kwenye mtandao wa Mombasa anwani hiyo ama haipo ama ni televisheni ya mtu.

Tiba iko katika `Config/Server.cfg`. Pale kwenye `Address` unaandika anwani ya IP ya nje ya mtandao wako, kisha ndani ya ruta unaelekeza TCP 2593 kwenda kwenye kompyuta ya seva. Seva ina akili ya kutosha kumpa anwani ya ndani anayetoka ndani, na ya nje anayetoka nje.

Lakini hali ikiwa kinyume, yaani rafiki haoni hata orodha, tafuta kwingine: ruta haijaelekezwa, ngome ya Windows imezuia poti, au huna anwani ya nje kabisa. Hili la mwisho linawagusa wengi Afrika Mashariki wanaotumia intaneti ya simu. Mitandao ya simu haina anwani za kutosha kumpa kila mteja yake, hivyo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kulijua ni rahisi: fungua ukurasa wa ruta, angalia anwani iliyopewa na mtandao, kisha ilinganishe na ile ambayo tovuti yoyote ya kuonyesha IP inakuambia. Zikitofautiana, na ile ya ruta ikianza na 10 au kati ya 100.64 na 100.127, basi hakuna mpangilio wa ruta utakaokusaidia. Kodisha seva ndogo ya mtandaoni kwa mwezi na uhamishie kila kitu huko. Kwa maoni yangu hilo ni bora hata kwa mwenye anwani yake, kwa sababu umeme wa nyumbani ukikatika watu wanane hawaangushwi pamoja.

Anwani ya pamoja huleta fumbo jingine. ServUO kwa kawaida humfungulia akaunti yeyote anayeingia na jina jipya, na kwa kawaida huruhusu akaunti moja tu kwa kila anwani ya IP. Ndugu wawili wa nyumba moja, au marafiki wawili wa mtandao mmoja wa simu, wanaweza kuonekana kama mtu mmoja, na wa pili akakataliwa bila kujua kwa nini. Katika `Config/Accounts.cfg` ongeza kiasi hicho, wafungulie marafiki wote akaunti, kisha zima ufunguzi wa akaunti wa wenyewe kwa wenyewe. Poti iliyo wazi hupekuliwa na wageni kila siku. Waambie pia watumie neno la siri wasilolitumia popote pengine, kwa sababu muunganisho wa namna hii usiofichwa hulipitisha likiwa wazi.

Je, seva iliyokodishwa Ulaya haitakuwa mbali mno? Tufanye hesabu. Kila mhusika anapopiga hatua, programu ya mchezaji huiomba seva ruhusa na kuendelea bila kungoja, lakini haikubali kuwa na hatua zaidi ya tano ambazo hazijajibiwa. Anayekimbia kwa miguu hupiga hatua kila milisekunde 200. Aliye juu ya farasi hupiga kila milisekunde 100. Tano mara 100 ni 500. Kwa hiyo jibu likirudi ndani ya nusu sekunde, hata mpanda farasi hahisi kitu. Likizidi hapo, farasi atakimbia kwa kusitasita. Kutoka Dar es Salaam kwenda Ulaya na kurudi, kwa muunganisho mzuri, ni chini ya nusu ya muda huo. Kwa vita vya ana kwa ana aliye karibu na seva atakuwa na faida kidogo, na wa Dar asimlaumu wa Maskati kwa hilo.

Kusitasita kwa mtandao kusichanganywe na kurudishwa nyuma. Kama mchezaji anagonga ukuta usioonekana mahali pale pale kila siku, au anarudishwa hatua moja kila akikanyaga daraja fulani, mtandao hauna kosa. Ramani yake na ya seva zimetofautiana: mmoja alisasisha faili za mchezo, mwingine hakusasisha. Seva inaona mwamba pale ambapo yeye anaona njia, inakataa hatua, na anarudishwa. Mkubaliane toleo moja na mlibaki nalo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo uzito wote wa kazi hii. ServUO haiandiki kila tukio kwenye diski linapotokea. Dunia nzima, kila mhusika, kila sarafu, kila kiti ndani ya kila nyumba, inaishi ndani ya memori. Kila baada ya muda, kwa kawaida dakika tano, inasimama kidogo, inawatangazia wote "The world is saving, please wait", na kuandika kila kitu ndani ya folda ya `Saves`. Umeme ukikatika dakika ya nne, dakika nne hizo hazikutokea. Aliyeuza nyumba bado anayo; aliyeua dragoni hakumuua. Wachezaji wavumilivu hulipokea hilo. Wasichopokea ni kupoteza miezi sita, na hiyo inawezekana kwa kubonyeza herufi moja.

Chukua mfano. Umeandika skripti ya kifaa kipya, tuseme jahazi la zawadi, ukakigawa kwa watu wote. Baada ya miezi umepanga upya folda ya skripti na faili hiyo ikaachwa nje. Ukiwasha seva, inasoma kumbukumbu, inakutana na kitu ambacho haina maelezo yake, na inasimama ikikuuliza kama ifute vyote vya aina hiyo:

```
Delete all of those types? (y/n)
```

Ukijibu `y`, inavifuta vyote, na akiba inayofuata inaandikwa bila hivyo. Jibu sahihi ni `n`: zima, rudisha faili ya skripti, washa tena. Hakuna kilichopotea.

Ndugu yake ni mbaya zaidi kwa kuwa hutokea wakati unaboresha. Tuseme unataka jahazi likumbuke limetumika mara ngapi. Umeongeza namba hiyo kwenye skripti, seva ikiwaka inaitafuta namba katika majahazi ya zamani ambayo hayakuwahi kuwa nayo, inasoma kisichokuwa chake, na kumbukumbu inavurugika. Waandishi wa RunUO waliliona hili mapema, wakaweka desturi ya namba ya toleo mwanzoni mwa kila kitu kinachohifadhiwa. La zamani liliandika 0. Jipya linaandika 1 na kusoma namba mpya pale tu ikiwepo:

```
int version = reader.ReadInt();

if (version >= 1)
    m_Uses = reader.ReadInt();
```

Kinachoandikwa na kinachosomwa lazima vifuatane kwa mpangilio ule ule. Anayeshika kanuni hii anaweza kubadilisha dunia yake miaka mingi bila kumpotezea mtu kitu.

Seva hutunza nakala chache za karibuni katika folda ya `Backups`, lakini nakala iliyo kwenye diski ile ile hufa pamoja na diski. Kila usiku nakili `Saves` pamoja na folda ya `Scripts` kwenda kompyuta nyingine, zote mbili kwa pamoja, maana kama ulivyoona, kumbukumbu bila skripti zake haisomeki. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: chukua nakala hiyo, iwashe kwenye kompyuta ya pembeni, ingia kwa akaunti yako na uhesabu vilivyo kwenye sanduku lako la benki. Nakala ambayo haijawahi kuwashwa huwezi kuiamini.

Na amri ya `[add`, inayomwezesha mmiliki kuumba chochote, itumie kwa kazi ya seva tu. Cheza na wenzako kwa mhusika wa kawaida kwenye akaunti nyingine isiyo na mamlaka. Katika watu wanane, upanga mmoja uliotoka hewani hujulikana siku hiyo hiyo, na baada yake hakuna anayeona sababu ya kuchimba madini.

Kama unataka kuanza wiki hii, anza na watu wawili ndani ya nyumba moja, pitieni kuzima, kurudisha nakala na kuwasha tena, kisha ndipo umwite wa Mombasa.